Ruleti: Sifuri moja inakula, sifuri mbili zinakula zaidi, na kudabo hakuokoi

MAPUMZIKO ya mechi, kibanda umiza cha mtaani kwetu. Nusu ya watu wametoka nje kutafuta mihogo na maji, nusu wamebaki wakibishana kama ile ilikuwa penalti au siyo. Kijana mmoja wa bodaboda yuko kimya kwenye benchi la nyuma, macho kwenye simu. Hakuwa anaangalia mkeka wake. Alikuwa anazungusha ruleti.

Nilimsogelea. Akanionyesha daftari dogo aliloandika kwa kalamu ya bluu. "Kaka, hii siyo bahati, hii ni hesabu," akaniambia. Anaweka 1,000 kwenye nyekundu. Ikitoka, amepata 1,000, anaanza upya. Isipotoka, anadabo: 2,000, kisha 4,000, kisha 8,000. Siku nyekundu ikitoka, inarudisha yote iliyopotea na kumwachia 1,000 ya faida. Daftari lilikuwa na alama 74 za tiki, kila moja ni 1,000. Yaani 74,000 kwa wiki chache, bila kutoka jasho.

Nilimuuliza, na nyekundu ikigoma? Akacheka. "Itagoma mara ngapi, mzee wangu?"

Wiki mbili baadaye alipata jibu. Iligoma mara saba mfululizo: mara sita nyeusi na mara moja kigololi kilitua kwenye 00. Ukijumlisha 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000 na 64,000 unapata 127,000. Dau la nane lilitakiwa liwe 128,000, na hakuwa nalo. Ile 74,000 alishaila zamani. Hii 127,000 ilikuwa hela ya hesabu ya bosi mwenye pikipiki.

Watu pale kibandani walisema kijana kakosa nidhamu. Wengine wakasema angebadilisha rangi. Wote walikosea. Kijana alifuata mpango wake vizuri kabisa. Mpango ndio ulikuwa hauwezi kushinda, na sababu yake ni zile sifuri.

Lipia meza nzima uone

Tuanze na gurudumu lenyewe. Ruleti ya Ulaya ina vishimo 37: namba 1 mpaka 36, nusu nyekundu na nusu nyeusi, pamoja na sifuri moja ya kijani. Ruleti ya Marekani ina vishimo 38, kwa sababu imeongezewa sifuri ya pili inayoandikwa 00. Ukiweka dau kwenye namba moja na ikatoka, kote kuwili unalipwa mara 35 na dau lako linarudi. Yaani kwa 1,000 unashika mkononi 36,000.

Sasa fanya kitu cha kijinga. Kwenye meza ya Ulaya, weka 1,000 kwenye kila namba, sifuri nayo. Umetoa 37,000. Lazima moja itoke, kwa hiyo umeshinda kwa uhakika. Unalipwa 36,000. Umeshinda na umepoteza 1,000.

Rudia hivyo hivyo kwenye meza ya Marekani. Umetoa 38,000, umelipwa 36,000. Umepoteza 2,000.

Hiyo ndiyo faida ya mwenye meza, iko uchi kabisa, hakuna bahati ndani yake. Moja gawanya kwa 37 ni asilimia 2.70. Mbili gawanya kwa 38 ni asilimia 5.26. Malipo yamepangwa kana kwamba gurudumu lina vishimo 36, wakati lina 37 au 38. Sifuri ndiyo tofauti.

Kwa sisi wa mikeka, tulitazame kwa jicho la odi. Nyekundu ina vishimo 18. Kwenye gurudumu la vishimo 37, odi ya haki ya nyekundu ni 37 gawanya kwa 18, ambayo ni kama 2.06. Kasino inakupa 2.00. Kwenye gurudumu la 38, odi ya haki ni 2.11, na bado unapewa 2.00 ile ile. Ukiangalia kitambaa cha meza huoni tofauti yoyote. Nyekundu ni nyekundu, malipo ni yale yale. Lakini moja inakukata karibu mara mbili ya mwenzake.

Linganisha na mpira. Kampuni ikikupa ova 2.5 kwa odi 1.90 na anda 2.5 kwa 1.90, ukiweka 1,000 kila upande umetoa 2,000 na utarudishiwa 1,900. Ni makato ya asilimia 5, karibu sawa na ruleti ya sifuri mbili. Ila kwenye mpira inawezekana unajua kitu ambacho odi haijakibeba: kipa namba moja kaumia mazoezini, uwanja umejaa maji, kocha anapumzisha watu kwa ajili ya mechi ya kimataifa. Kwenye gurudumu hakuna majeruhi na hakuna fomu. Odi mbaya inabaki kuwa odi mbaya kila mzunguko.

Asilimia 2.7 ya nini?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anasema, nikiingia na 50,000 nitapoteza asilimia 2.7, yaani 1,350, hiyo ni bei ya soda na chipsi. Siyo hivyo. Makato hayahesabiwi kwenye hela uliyoingia nayo mfukoni. Yanahesabiwa kwenye kila dau unaloweka, na hela ile ile inawekwa tena na tena.

Ukiweka 1,000 mara moja kila dakika kwa saa moja, umeweka jumla ya 60,000, hata kama mfukoni uliingia na 20,000 tu. Kwa wastani, meza ya sifuri moja inabaki na kama 1,620 katika hizo, na ya sifuri mbili inabaki na kama 3,160. Na simu haizunguki mara moja kwa dakika. Inazunguka haraka kadiri kidole chako kinavyobonyeza.

Hesabu ya kijana wa daftari

Turudi kwenye kudabo. Mbinu hii ni kongwe, ilivuma Ufaransa tangu karne ya 18, na Wazungu wanaiita martingali. Tuipe haki yake, tuipige hesabu mpaka mwisho.

Tuite kila jaribio safari moja. Unaanza na 1,000 na unadabo. Safari inaisha ukishinda, na hapo umepata 1,000, au ukipoteza mara saba mfululizo, na hapo umepoteza 127,000.

Kwenye sifuri moja, nafasi ya nyekundu kugoma mzunguko mmoja ni 19 kati ya 37. Kugoma mara saba mfululizo ni namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe mara saba. Inatoka kama safari moja kati ya 106. Kijana angesema, unaona? Nashinda mara 105 kati ya 106! Ni kweli. Lakini angalia mizani. Mara 105 zinakupa 105,000. Mara moja inakuchukulia 127,000.

Tuongeze safari ili bahati isitusumbue. Chukua safari 10,000. Kwa wastani 9,906 zinaleta 1,000 kila moja, sawa na 9,906,000. Safari 94 zinavunjika, kila moja na 127,000, sawa na 11,938,000. Umebaki na hasara ya kama milioni mbili.

Sasa gurudumu la sifuri mbili, lile alilokuwa analizungusha yule kijana. Nyekundu inagoma 20 kati ya 38, na kugoma mara saba ni kama safari moja kati ya 89. Katika safari 10,000 zinavunjika 112. Umepata 9,888,000, umepoteza 14,224,000. Hasara ni zaidi ya milioni nne na laki tatu. Sifuri moja ya ziada, ambayo hata huioni ikitua mara kwa mara, imeongeza hasara ya kudabo zaidi ya maradufu.

Na hapa kuna kitu kizuri kwa mtu anayependa hesabu. Ukijumlisha madau yote yanayowekwa katika safari moja ya meza ya sifuri moja, yale madogo na yale makubwa, wastani wake ni kama 7,594. Hasara ya wastani kwa safari ni kama 205. Gawanya 205 kwa 7,594. Unapata asilimia 2.70. Umezunguka kote huko, umedabo, umejaza daftari, na makato ni yale yale ya mtu aliyelipia meza nzima.

Kwa nini mpangilio haubadilishi kitu

Sababu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila dau, peke yake, lina hasara ya wastani. Dau la 1,000 kwenye sifuri moja linagharimu 27. Dau la 2,000 linagharimu 54. Dau la 64,000 linagharimu kama 1,730. Mpangilio wowote duniani ni orodha ya madau: leo weka hili, kesho lile, ukishinda shusha, ukishindwa panda. Orodha hiyo inaamua ukubwa wa kila dau na muda wake. Haiwezi kufanya dau hata moja liwe na faida. Na ukijumlisha hasara ndogondogo, hata uzipange vipi, hupati faida.

Ni kama timu ambayo kila mechi inaanza ikiwa nyuma bao moja. Kocha anaweza kubadilisha mfumo, 4-4-2 au 3-5-2, anaweza kuweka mechi ngumu mwanzoni au mwishoni mwa ratiba. Bao lile linamsubiri kila uwanja.

Ndiyo maana mbinu nyingine zote zinaishia pale pale. Ile ya Labouchere, iliyopewa jina la mwanasiasa wa Uingereza, unaandika mstari wa namba na kuzikata kila ukishinda. Ile ya d'Alembert unaongeza kidogo ukipoteza na kupunguza kidogo ukishinda. Ile ya Fibonacci unapanda kwa kujumlisha namba mbili zilizopita. Zinapanda taratibu kuliko kudabo, basi. Makato hayajaguswa.

Wengine wanajaribu kutanua uwanja. Anaweka 1,000 kwenye namba 1 mpaka 12 na 1,000 kwenye 13 mpaka 24, akisema nimeshika theluthi mbili ya meza. Sawa. Kwenye sifuri moja, mara 24 kati ya 37 anapata faida ya 1,000. Mara 13 anapoteza 2,000. Hiyo ni 24,000 ndani, 26,000 nje. Ametoka na hasara ya 2,000 kwa madau ya 74,000. Piga mwenyewe: 2.70.

Kitu ambacho mpangilio unabadilisha kweli ni sura ya hasara. Kudabo kunakupa ushindi mdogo mwingi na kilio kimoja kikubwa. Ukigeuza, ukawa unaacha ushindi uzae, inakuwa kinyume. Weka 1,000 kwenye nyekundu, ikitoka acha 2,000 zikae, ikitoka tena acha 4,000. Nyekundu tatu mfululizo ni 8,000. Huo ni mkeka wa mechi tatu, hauna tofauti. Katika majaribio 1,000 unafanikiwa kama mara 115, unashika 920,000, na umetoa 1,000,000. Vilio vidogo vingi, sherehe chache, na mwisho wa siku wastani uko upande wa mwenye meza.

"Nyekundu lazima ije sasa"

Nyuma ya kudabo kuna imani moja: kwamba rangi ikichelewa, inadaiwa. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Kadiri ilivyozidi kutoka, ndivyo watu walivyozidi kumwaga hela kwenye nyekundu, wakiamini haiwezekani iendelee. Iliendelea, wakafilisika.

Mshambuliaji aliyekaa mechi kumi bila bao anaweza kuamka. Anajua anazomewa, kocha anaongea naye, anafanya mazoezi ya ziada. Kigololi hakijui kilitua wapi mara ya mwisho. Baada ya nyeusi kumi, nafasi ya nyekundu kwenye sifuri moja ni 18 kati ya 37, asilimia 48.6, kama ilivyokuwa mwanzo. Ile orodha ya matokeo yaliyopita inayoonyeshwa pembeni mwa meza au kwenye kioo cha simu ni kweli tupu, ila haikuambii chochote kuhusu mzunguko unaofuata.

Na kama unafikiri dawa ni kuwa na mfuko mrefu zaidi, kumbuka meza nazo zina kikomo cha dau. Ukianza na 1,000 kwenye meza yenye kikomo cha 100,000, dau la nane la 128,000 halipokelewi hata kama unalo. Kikomo kikiondolewa, utagota mfukoni. Ukiongeza hatua moja, unavunjika mara chache zaidi, lakini siku ya kuvunjika unadondosha 255,000 badala ya 127,000.

Kinachobadilika kweli

Je, kuna aliyewahi kuipiga ruleti? Wapo, lakini si kwa mpangilio wa madau. Karne ya 19, Mwingereza Joseph Jagger aliweka watu kuandika matokeo ya magurudumu ya Monte Carlo mpaka akagundua moja lilikuwa na kasoro, namba fulani zikitoka kuliko haki yake. Mwaka 1961, wanahisabati Edward Thorp na Claude Shannon walitengeneza kompyuta ndogo ya kufichwa mwilini, ya kukadiria kigololi kitatua eneo gani kutokana na mwendo wake. Wote hawa walishambulia chombo chenyewe. Walibadilisha nafasi ya namba kutoka, ndipo odi ikageuka. Siku hizi kasino hukagua magurudumu yake, na vifaa kama hivyo vimepigwa marufuku sehemu nyingi.

Na wapo wanaoshinda kwa bahati tu. Mwaka 2004 Mwingereza Ashley Revell aliuza vitu vyake vyote, akaenda Las Vegas, akaweka dola 135,300 kwenye nyekundu, mzunguko mmoja. Ikatoka 7 nyekundu. Akachukua hela akaondoka. Hakuwa na mfumo. Alicheza dau moja lenye makato ya asilimia 5.26 na likaangukia upande wake. Angerudia kila wiki, tusingekuwa tunamtaja.

Kwa mchezaji wa kawaida, kitu pekee kilicho mikononi mwake ni meza anayochagua. Hesabu sifuri kabla hujaweka hata mia. Katika miaka ya 1840, ndugu wawili wa Kifaransa, François na Louis Blanc, waliwavuta wachezaji kwenye kasino yao ya Homburg, Ujerumani, kwa kuondoa sifuri moja. Walijua wachezaji wangeona tofauti. Leo biashara imegeuka: Las Vegas zipo hata meza za sifuri tatu, vishimo 39, na makato yake ni asilimia 7.69. Kwenye simu, fungua maelezo ya mchezo utafute RTP. Ikiandikwa 97.30% hiyo ni sifuri moja. Ikiandikwa 94.74% ni mbili. Kwenye meza ya sifuri mbili lipo pia dau la pamoja la 0, 00, 1, 2 na 3, linalolipa mara sita tu. Hilo linakata asilimia 7.89, ndilo baya kuliko yote pale mezani. Kinyume chake, baadhi ya meza za Kifaransa zinarudisha nusu ya dau la rangi sifuri ikitoka, na hapo makato yanashuka hadi asilimia 1.35. Yanashuka, hayageuki.

Yule kijana nilimkuta juzi kijiweni. Bosi hakumnyang'anya pikipiki, wamekubaliana awe anakatwa kidogo kidogo kila Jumamosi mpaka deni liishe. Daftari bado analo. Nilimwomba tukae nalo, tukajumlisha kila dau aliloweka tangu siku ya kwanza, yaliyoshinda na yaliyopotea, kisha nikazidisha kwa 5.26 na kugawanya kwa mia.

Akaitazama ile namba muda mrefu. "Kwa hiyo hata zile tiki 74, nilikuwa nadaiwa?"

Ndiyo, kaka. Ulikuwa unadaiwa tangu tiki ya kwanza.